Zuhura, hicho kinundu cha kichwani

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi za huku. Sote wazima, ila mama goti linamsumbua tena. Sauti uliyonitumia kuhusu kinundu alichokikuta msusi kichwani mwako nimeisikiliza mara mbili. Huyo msusi wako naye, badala ya kusuka anaita wenzake waje kutazama kichwa cha mtu! Si ajabu hulali.

Hebu sasa kaa chini ukishike mwenyewe. Weka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, ukisukume taratibu. Kikiteleza chini ya vidole kama gololi iliyofungwa ndani ya kitambaa, kigumu kiasi, hakiumi, na ngozi ya juu yake ni laini isiyo na kidonda, basi kinafanana sana na vile ninavyoviona kila wiki kwenye chumba chetu cha upasuaji mdogo. Na wewe una ushahidi mwingine nyumbani. Unakumbuka kilemba cha marehemu bibi kilivyokuwa kikikaa upande? Vilikuwa vinundu vitatu vile. Mama yako naye alitolewa kimoja. Vinundu hivi hutembea katika ukoo, na kinamama huvipata zaidi.

Si mafuta yaliyoganda, kwa hiyo usihangaike kubadili mafuta ya nywele. Ni kifuko kilichoota kwenye ngozi inayozunguka shina la unywele. Ndani yake hujaa keratini, kitu kile kile kinachotengeneza kucha, ila huku imekuwa kama uji mzito mweupe. Hukua polepole, pengine kwa miaka, na ni nadra mno kugeuka saratani.

Ninachokuomba tu, asikitoboe mtu. Alikuja kwetu baba mmoja aliyetobolewa cha kwake kwa sindano ya kushonea. Uji ukatoka, kikanywea, akaona amepona. Hazikupita wiki mbili kikarudi chekundu, cha moto, kimejaa usaha. Kifuko chenyewe kilikuwa bado kimo ndani, na ule uji uliovujia chini ya ngozi ndio uliowasha moto. Ikabidi tupasue kwanza kutoa usaha, kisha asubiri wiki kadhaa uvimbe utulie ndipo kifuko kitolewe. Kazi moja ikawa mbili.

Kinapotolewa kikiwa kimetulia, ni jambo la muda mfupi. Zinanyolewa nywele kidogo, unachomwa sindano ya ganzi (hiyo itauma, sikudanganyi), ngozi inachanwa, kisha kifuko kinamenywa taratibu kisipasuke. Kikitoka kizima kinang'aa kama shokishoki iliyomenywa ganda. Kipande cha ukuta wake kikibaki, kinaweza kuota tena. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Kilichotolewa hupelekwa maabara kikapimwe, maana macho yetu si darubini.

Lakini hata kutolewa si lazima. Kama hakikuumi wala hakikwazi kitana, unaweza kuishi nacho. Hata hivyo nataka daktari akishike mara moja, kwa sababu mimi nimekisikia kwa simu tu, sijakigusa. Kwa hali uliyonieleza, ukienda mwezi ujao hakuna kilichoharibika.

Usingoje mwezi ujao kama kimekua ghafla ndani ya wiki chache, au hakisogei kabisa kana kwamba kimeota kwenye fuvu, au kinadunda kama mshipa. Vivyo hivyo kikiwa na kidonda kinachotoa damu na hakiponi, au ukipapasa shingo ukakuta tezi zimevimba. Chekundu chenye joto, hasa ukiwa na homa, nenda siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa nakujua utamwambia kila mtu uliyoyasoma hapa, haya ni ya watu wazima. Mtoto aliyezaliwa na uvimbe katikati ya kichwa, kwenye mstari wa utosi au wa kisogo, usimlinganishe na wewe. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingine una kinjia kinachopenya mfupa hadi karibu na ubongo, na hakuna anayepaswa kuugusa kwa kisu kabla ya picha ya kichwa kupigwa. Kuna mama alitaka tumkate mwanawe pale pale amalize safari. Daktari alikataa, akawaandikia rufaa, na mama akatununia sote mpaka mlangoni.

Kipime cha kwako kwa rula leo, uandike na tarehe. Tukikipima tena tutajua kama kinakua au ni msusi tu aliyekukuza hofu. Na umwambie asibane mistari juu yake.

Wako,
Mwanahamisi