Paja la Idd

Toronto

Dada yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ni baridi tu. Nakuandikia kwa sababu ile insha ya Idd nyumbani Majengo imenikwama, na wa kuikwamua ni wewe.

Rasimu ya kwanza niliianza na mirathi. Nyanya alikuwa ametangulia, Babu akaacha watoto watatu, basi nyumba ikawa mafungu 5: Baba 2, Ami 2, Shangazi 1. Vyumba vya koridoo ni 6. Haki ya Shangazi ni chumba kimoja na moja ya tano ya kingine, naye anakaa viwili tangu alipomuuguza Babu. Hesabu haina kasoro, lakini insha ilifia hapo. Niliowasomea walishachagua upande kabla Ami hajafungua mdomo, na kila "karibu dada" iliyofuata wakaisikia kama unafiki. Si unafiki, wewe wajua. Ami anampenda dada yake.

Nikafuta zote, nikaanza na paja la mbuzi.

Tumetoka kuswali uwanja wa Sir Ali. Wanaume wako mkekani sebuleni, wanawake chumba cha ndani. Ami anapekua nyama kwenye sinia, anachagua paja, ananiita. Nina miaka 9. "Mpelekee shangazi yako." Napita koridoo, sahani inanichoma vidole. Shangazi anaitazama. "Mwambie Mungu ampe zaidi." Kisha ananisukumia: "Kula wewe." Nikala nimesimama kizingitini, nikarudi kusema, "Amepokea." Ami alishinda na furaha mchana kutwa.

Chumba cha ugomvi sasa kina sentensi moja tu, pale ninapopita mlango wake na sahani mkononi. Msomaji ameshamwona Ami akichagua kipande kizuri kuliko vyote, kwa hiyo habari ya chumba haimfanyi amchukie; inaifanya ile sahani iwe nzito. Nami siwezi tena kukaa pembeni nikiwahukumu wakubwa. Aliyesema "amepokea" ni mimi.

Lakini juzi kwenye simu umenishtua: kumbe mwaka ule Shangazi alikuwa anaumwa jino! Miaka yote hii nimeamini kwamba alikataa mkono wa kaka yake, na kwamba mimi niliificha siri hiyo. Nimelifuta neno "alikataa", maana moyo wake sikuuona. Nilichoona ni mkono ukiisukuma sahani, na hicho ndicho kimebaki, pamoja na maneno yako ya jino.

Nakuomba umtembelee baada ya Isha, umshikie simu nimsomee yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema nisiitoe, sitaitoa. Ila usianze na habari za chumba, tafadhali. Mwulize kwanza lile jino lilikuwa la upande gani.

Mdogo wako