Barua ya malalamiko: mfumo wenu wa ERP unaishia Mokowe, mzigo wetu unafika Amu

Ofisi ya Usambazaji,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyotuwekea mfumo.

Bwana/Bibi,

KUH: SAFARI ZA LORI, GHARAMA ZA USAFIRI NA UTHIBITISHO WA KUFIKISHA MZIGO, NJIA YA MALINDI HADI LAMU

Hii ni mara ya nne nawaandikia juu ya jambo hili. Mara tatu za kwanza niliandika kwenye ukurasa wenu wa maombi ya msaada, na mara zote nilijibiwa kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyopangwa. Sibishi. Nalalamikia huo mpango wenyewe, na ndiyo maana safari hii naandika barua kamili yenye nakala za karatasi.

Sisi ni wasambazaji wenye malori yetu. Njia ya Lamu inatoka Malindi, inapita Garsen na Witu, halafu Hindi hadi jeti ya Mokowe. Ni kama kilomita 220. Pale lori linasimama, kwa kuwa mbele ni bahari. Mzigo wa wateja wa Amu, yaani mji wa Lamu ulioko kisiwani, unashushwa na mahamali, unapakiwa kwenye jahazi, unavushwa, kisha unapandishwa punda mpaka mlangoni kwa mwenye duka. Masharti yetu ya mauzo yanasema mzigo ni wetu hadi mteja aupokee dukani kwake. Kwa hiyo kilichozama, kilicholowa au kilichopotea baina ya Mokowe na duka ni hasara yetu, si yake.

Mfumo wenu haulijui jahazi. Unajua gari lenye namba ya usajili, dereva, na orodha ya vituo. Dereva hawezi kubonyeza `Close Trip` mpaka kila kituo kiwe `Delivered`, na lori haliwezi kupangiwa safari nyingine kabla safari ya kwanza haijafungwa. Sasa mfikirie dereva aliyefika jeti. Ameshashusha mzigo, kazi yake imeisha, kesho alfajiri anatakiwa apakie wa Kilifi. Vituo vitatu vya Amu viko wazi kwenye simu yake. Atafanya nini? Anavibonyeza vyote vitatu, na pale panapotaka sahihi ya mpokeaji anachora mwenyewe kwa kidole. Nilipomwita kumkaripia aliniuliza, "Bosi, ulitaka nilale na lori jetini?" Sikuwa na jibu.

Nawapa safari moja kwa ukamilifu, maana nyingine zinafanana nayo. Lori lilitoka Malindi na mifuko 200 ya sukari, ya kilo 50 kila mmoja: 80 ya Garsen, 40 ya Witu na 80 ya wateja watatu wa Amu. Ukifungua kumbukumbu ya safari hiyo utaona vituo vyote vitatu vya kisiwani vimefungwa saa 11:42, 11:43 na 11:44, yaani kabla ya saa sita mchana, na ramani inaonyesha alama tatu zimerundikana mahali pamoja jetini. Maduka matatu katika mitaa mitatu ya Amu, dakika tatu! Hakuna punda wa mwendo huo. Jahazi lenyewe liling'oa nanga baada ya saa saba, lilikuwa likingoja maji yajae.

Mteja wa pili alikuwa na mifuko 30. Njiani wimbi lilipiga upande wa mbele na mifuko mitatu ya chini ikalowa. Mzee akaikataa, na ni haki yake. Sukari iliyoonja maji ya bahari huiuzi. Kwenye delivari ya karatasi aliandika kwa kalamu ya buluu: "Nimepokea 27. Mitatu imelowa, nimerudisha," akasaini na kugonga muhuri wa duka. Karatasi hiyo ilirudi Malindi siku mbili baadaye mfukoni mwa nahodha. Huo ndio uthibitisho wa kweli wa kufikisha mzigo, na mfumo wenu hauna pa kuuweka. Kituo kikishafungwa kwa mifuko 30, idadi haibadiliki.

Wakati huo ankara ilikuwa imeshatoka. Mliupanga mfumo utoe ankara papo hapo kituo kinapokuwa `Delivered`, na kuituma KRA kupitia eTIMS. Basi tukawa tumeitangazia serikali mauzo ya mifuko 30 saa ambayo mifuko hiyo ilikuwa bado imelala kwenye mbao za jeti. Kurekebisha si kufuta. Lazima itolewe krediti noti inayotaja namba ya ankara ya kwanza, na kwenu krediti noti haifunguki bila hati ya kurudisha mzigo, na hati ya kurudisha mzigo inataka lori na safari. Mzigo uliorudi kwa jahazi hauna lori. Karani wetu wa hesabu alizunguka humo siku nzima akaishia kuliacha.

Matokeo yake mzee akaletewa taarifa ya deni yenye Sh21,000 asizodaiwa. Alilipa ya mifuko 27 kama alivyopokea. Mfumo ukamhesabu mdaiwa sugu, na oda yake iliyofuata ikazuiwa. Alinipigia simu, hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwanangu," aliniambia, "mnasema nimesaini mifuko 30. Muhuri wangu uko mezani hapa, haujapata kupanda lori lenu." Ni mteja wetu tangu enzi za daftari.

Ile mitatu iliyolowa ilirudi Malindi na lori la wiki iliyofuata. Ghalani haikuwa na njia ya kuingia, kwa kuwa kwa hesabu za mfumo ilikwishauzwa. Mpaka leo imekaa pembeni, haimo kwenye hisa wala kwenye hasara.

Kuna jambo la saa pia, nalitaja kwa ufupi. Baina ya Garsen na Hindi kuna vipande vya barabara visivyo na mtandao. Simu ya dereva inahifadhi sahihi na kuituma mtandao unaporudi, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba mnaandika saa na mahali pa kutuma, si pa kusaini. Mteja wa Witu alisaini saa 9:10. Kumbukumbu inasema 10:31, Hindi. Siku tukifikishana mbele ya wakili, sahihi hiyo itatusaidia nini?

Sasa gharama. Huku sikuona kosa mapema, na nakiri nilidanganyika miezi kadhaa. Kwa kuwa jahazi halina mahali pake, malipo ya jahazi, mahamali na punda tunalazimika kuyaingiza kama gharama ya safari ya lori. Kisha mfumo unachukua jumla yote na kuwagawia wateja kwa thamani ya ankara zao.

Safari ile ile ilitugharimu hivi: dizeli lita 110, Sh18,700, kwenda na kurudi, posho ya dereva na utingo Sh5,000, ushuru na maegesho Sh2,000. Hiyo ni Sh25,700 ya barabarani. Jahazi, mahamali na punda Sh9,300. Jumla Sh35,000. Mfuko mmoja tuliuuza Sh7,000, kwa hiyo Garsen na Amu kila upande una mauzo ya Sh560,000, na mfumo ukazibebesha gharama sawa, Sh14,000 kila mmoja. Garsen iko kilomita 110, Amu iko mara mbili ya hapo na bahari juu yake, lakini zinalipa nauli moja!

Mimi nilikaa na kikokotoo. Gharama ya barabarani niliigawa kwa tani mara kilomita: Garsen tani 4 kwa kilomita 110, Witu tani 2 kwa 160, Amu tani 4 kwa 220. Gharama ya kuvuka niliwaachia Amu peke yao, kwani ndio wanaovuka. Garsen ikapata kama Sh6,900, Witu Sh5,000, na Amu Sh13,800 za barabara pamoja na Sh9,300 za maji, yaani Sh23,100. Faida yetu ya ghafi kwenye sukari ni asilimia 4, ambayo kwa Sh560,000 ni Sh22,400. Ripoti yenu inasema safari hiyo Amu ilituachia faida ya Sh8,400. Ukweli ni kwamba tulitoa kama Sh700 mfukoni kuipelekea Amu sukari, kabla hata ya ile mitatu iliyolowa. Na mimi, kwa kuiamini ripoti, nilikuwa nimewapa wateja wa Amu punguzo na kuwabania wa Garsen, ambao ndio waliokuwa wakitubeba.

Hesabu yangu nayo haikukamilika. Haina matairi wala uchakavu wa lori, na kurudi tupu nimekugawa kama kwenda. Lakini angalau inajua kuna bahari.

Nitasema na letu. Tulipokea mfumo na kutia sahihi baada ya majaribio ya Watamu na Kilifi tu, ambako lori linafika mlangoni. Tulipaswa kudai jaribio la Lamu. Hata hivyo mtu wenu alikuja, akapanda boti nasi mpaka Amu, akapiga picha za punda. Aliona kwa macho yake.

Tunachotaka ni hiki. Kufunga safari ya lori kusitegemee tena kufika kwa mzigo: dereva akishusha Mokowe, mzigo uhamie kwenye ghala la njiani lililo ndani ya mfumo, bado ukiwa hisa yetu, na lori liachiliwe. Kutoka hapo ianze safari ya pili yenye nahodha badala ya dereva, yenye gharama zake zinazowaangukia wateja wa kisiwani pekee. Mpokeaji aandike idadi aliyokubali na sababu ya iliyokataliwa, picha ya delivari yenye muhuri iambatishwe, na ankara itoke kwa idadi hiyo, baada ya hapo, si kabla. Saa ya kusaini na saa ya kutuma zihifadhiwe mbalimbali. Na gharama za barabara tuweze kuzigawa kwa uzito na umbali.

Mlitutajia bei ya "sehemu ya ziada ya usafiri wa majini". Hatutailipa. Njia ya Lamu imeandikwa kwenye waraka wa mahitaji tuliowapa kabla ya mkataba, ukurasa wa pili, pamoja na neno jahazi.

Nasubiri mpango wa kazi wenye tarehe ndani ya siku 14. Ada ya matengenezo ya robo hii tumeizuia hadi hapo. Naambatisha delivari ya mteja yenye muhuri, kumbukumbu ya safari kutoka kwenye mfumo, ankara, risiti ya nahodha na ule ukurasa wa pili. Mtakayemtuma safari hii aje siku ya kupakia, avuke na mzigo hadi Amu, na simu ya dereva aishike yeye.

Wenu,

Meneja wa Usambazaji,
Malindi.