Kuuliza swali kwa Kifaransa: mazungumzo na barua rasmi

Ndugu wanakikundi,

Nimesoma barua zenu za kuomba nafasi ya masomo, na naona yafaa tuyatazame maswali mliyoandika. Chukueni sentensi «Vous avez reçu mon dossier», yaani mmepokea faili langu. Katika mazungumzo na rafiki mpangilio haubadiliki. Sauti hupandishwa tu mwishoni. «Est-ce que vous avez reçu mon dossier ?» inafaa karibu kila mahali, dukani, darasani, hata kwenye simu na ofisi, nayo kwangu ndiyo salama zaidi kwa anayejifunza. Katika barua rasmi, hata hivyo, tangulizeni kitenzi kisaidizi mbele ya kiwakilishi: «Avez-vous reçu mon dossier ?»

Kosa lililojitokeza mara nyingi ni kuchanganya njia mbili, «Est-ce que avez-vous reçu…», ilhali baada ya «est-ce que» mpangilio hubaki wa kawaida. Kiima kikiwa nomino, nomino hiyo hubaki mwanzoni na kiwakilishi huongezwa baada ya kitenzi kisaidizi: «Le directeur a-t-il reçu mon dossier ?», ambapo herufi t huwekwa ili irabu mbili zisigongane.