YAH: MARINDA YALIYOFUNGUKA NA LUGHA YA KAUNTA YENU

Ndugu Meneja,

Kwa heshima, tunaandika kuhusu sketi za shule tulizowaletea muweke marinda ya kudumu. Za poliesta zilikuwa za marinda ya upande mmoja, za pamba marinda ya boksi.

Mhudumu wenu aliinua sketi mbele ya wateja akasema, "Mafundi wa uchochoroni hawajui kufua." Tutalirudia hili.

Poliesta hulainika kwa joto, ikashika mkunjo inapopoa. Ndiyo maana kitambaa hubaki kimebanwa ndani ya karatasi za kukunjia hadi kipoe kabisa. Kikitolewa cha moto, rinda hulegea. Sketi zetu zina kingo za mviringo badala ya kingo kali, na zilifuliwa kwa maji baridi. Maji baridi hayawezi kufungua rinda lililowekwa kwa joto la nyuzi 150 na zaidi. Mlizitoa kabla hazijapoa, basi.

Pamba ni jambo jingine, na hapo ndipo mlipotukosea zaidi. Pamba haiyeyuki wala hailainiki kwa joto. Pasi na mvuke huipa mkunjo, maji yakiingia unaondoka. Bila dawa ya resini, au kushona ukingo wa kila rinda, hakuna "kudumu" kwenye pamba. Mlipokea pesa ya kudumu bila kutamka neno hata moja.

Tena boksi ni gumu zaidi. Kiuno cha sentimita 72 kinataka marinda 24 ya upande mmoja, ya sentimita 3, au 12 ya boksi, ya sentimita 6. Kitambaa ni kile kile, sentimita 216 kabla ya mishono. Lakini ya upande mmoja yote hulala kuelekea kumoja, kila moja likiegemea jirani yake. Boksi lina kingo mbili zinazotazama pande tofauti, kwa hiyo nyonga ikivuta, zote mbili hufunguka. Kwenye pamba isiyoshonwa halimalizi siku.

Na yote haya mhudumu hakutaka kuyasikia. Alishika sketi kwa vidole viwili kama kitambaa cha deki, akaipunga juu ya kaunta, akasema "uchochoroni", wateja wakacheka. Tulikuwa tumemwonyesha lebo ya poliesta. Hakuitazama.

Tulikusudia kuomba mzirudie za poliesta bure. Sasa tunataka zirudiwe, na pesa yote ya pamba irudishwe. Pindo zilishonwa kabla ya kukunjwa, kama inavyotakiwa, kwa hiyo msitafute kisingizio huko. Mkizikwaruza au kuziunguza safari hii, mtalipa na kitambaa.

Tunahitaji pia msamaha wa maandishi wa mhudumu yule. Msipojibu ndani ya siku 7, sketi hizi, pamoja na risiti yenu iliyoandikwa "kudumu", zitafika Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mafundi wa sare