Ukija mara ya tatu kununua dawa ya koo

Mwezi wa nne mteja wetu mmoja, fundi seremala, alikuja dirishani akiomba amoksilini. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi mitatu. "Tonsesi zimerudi tena, dada," aliniambia. Kila mara hupata nafuu kidogo kisha koo linaanza upya, na safari hii hata ugali ulikuwa unamshinda, unakwama kifuani.

Sikumpa dawa. Nilimwomba aingie kwenye chumba cha ndani, akapanua mdomo nikamulika kwa tochi. Tonsesi hazikuwa zimevimba. Nilichokiona ni utando mweupe kwenye ulimi, ndani ya mashavu na kwenye kaakaa, kama maziwa yaliyoganda. Nilipoufuta taratibu kwa kipande cha bandeji ulibanduka, chini yake pakabaki pekundu, panatoa damu kidogo. Hao ni fangasi wa mdomoni, wanaoitwa kandida.

Hapo ndipo amoksilini ilipokuwa inamharibia. Dawa hiyo huua bakteria, fangasi haiwagusi. Tena bakteria wa kawaida wa mdomoni ndio wanaowabana fangasi wasizaliane, kwa hiyo kila dozi aliyomeza ilizidi kuwafungulia nafasi. Tonsesi za bakteria huwa na dalili nyingine: homa, tezi zinazouma chini ya taya, tonsesi zilizovimba zenye usaha, na mara nyingi hakuna kikohozi.

Kandida wamo midomoni mwa watu wengi wenye afya bila kuleta shida, kwa sababu kinga inawazuia. Wakijitokeza kwa mtu mzima na kurudi tena na tena, lazima tuulize kinga imepatwa na nini. Inaweza kuwa VVU. Inaweza kuwa kisukari ambacho hakijagunduliwa, au dawa za saratani, au vidonge vya prednisolone vilivyotumika muda mrefu. Mwenye pumu anayevuta dawa yenye steroidi bila kusukutua mdomo baadaye naye hupata, na huyo pengine anahitaji kufundishwa kusukutua tu. Nikikutazama mdomoni siwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Ndiyo maana tunakutuma ukapime VVU na sukari, vyote viwili.

Fundi aliogopa, na sikumlaumu. Aliomba nimpe tu dawa ya fangasi aende zake. Matone ya nistatini ninayo, na utando ungeweza kupungua kwa wiki mbili. Lakini chakula kilichokwama kifuani kilinitia wasiwasi, maana kilionyesha kwamba huenda fangasi wameshuka hadi kwenye umio. Huko matone hayatoshi. Hutakiwa flukonazoli ya kumeza, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu, na mtaalamu aangalie kwanza dawa nyingine unazotumia na kama mama ni mjamzito.

Alikwenda kesho yake kwenye kituo cha afya. Sukari ilikuwa sawa, kipimo cha VVU kikawa chanya, kikathibitishwa kwa vipimo vingine. Akafunguliwa kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wakampima CD4, yaani seli za kinga kwenye damu, ikawa chini ya 200. Kiwango hicho kilibadilisha kazi ya daktari: alimchunguza pia kifua kikuu, na damu yake ikapimwa fangasi aina ya kriptokoka, wanaoweza kushambulia ubongo kabla mtu hajaona dalili kubwa. Kama ningemuuzia matone, hayo yote yangebaki yamejificha chini ya mdomo msafi. Fundi mwenyewe ameniruhusu niyasimulie haya.

Kuna wateja wengine ambao tayari wako kwenye ARV, na hawa nawaomba wasome kwa makini. Ukiwa umetumia dawa kwa zaidi ya miezi sita na utando mweupe ukarudi, usinunue dawa ya fangasi ukanyamaza. Nenda CTC kabla ya tarehe yako, uwaambie, wapime wingi wa virusi. Ukizidi kopi 1,000 za virusi katika mililita moja ya damu, watazungumza nawe kuhusu umezaji, kisha watarudia kipimo, na ikibidi watabadilisha dawa. Kama umeruka dozi, sema ukweli, kwa sababu jibu lako ndilo linaloonyesha kama tatizo ni dawa kushindwa au dawa kutomezwa.

Vidonda navyo si vya aina moja. Kidonda kidogo cha duara ndani ya mdomo kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita wiki tatu, hasa kikiwa kigumu au upande mmoja wa ulimi, kinahitaji kuonwa na daktari wa kinywa, hata kama hakiumi, kwani saratani ya mdomo huanza hivyo. Malengelenge yanayochimba na kudumu zaidi ya mwezi nayo huashiria kinga iliyoshuka sana.

Hapa dukani kukuangalia mdomo hatutozi. Chumba kina mlango unaofungwa, na tukikutuma kituoni tunakuandikia karatasi yenye dawa zote ulizotumia na tarehe zake. Ichukue uende nayo. Fundi alikuwa amesahau kwamba alimeza dozi mbili, na daktari alizijua kwa karatasi hiyo.