Kachumbari juu au pembeni? Nimeshinda maneno, kesi imenishinda

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Kigamboni na kazi naifanyia mjini, karibu na Posta ya Zamani, kwa hiyo asubuhi na jioni mimi ni mtu wa pantoni. Huko kwenye pantoni ndiko nilikomzoea huyu kaka ninayekuletea habari zake. Tuko jengo moja, ofisi tofauti. Yeye ni Mchaga wa Kibosho, mimi Mpare wa Usangi, na ukishasikia hivyo umeshajua shughuli ilianzia wapi. Siku ya kwanza tu alipochungulia jina langu kwenye daftari la mapokezi aliniuliza nyumbani wamebaki ng'ombe wangapi, au wote wameshauzwa kuendeshea kesi ya kuku. Nikamwambia wamebaki wawili, na kesi yenyewe tunamdai Mchaga aliyetuuzia kuku bila risiti. Tangu hapo yeye ananiita Mtani, mimi namwita Mangi.

Ninamzimikia, Shangazi. Nakiri mapema nisikupotezee muda.

Tatizo langu halianzii hapo lakini. Linaanzia kwenye Daraja la Kigamboni. Jioni moja tumesimama Magogoni tunasubiri geti lifunguliwe, jua linachoma, watu wamebanana, naye akasema daraja lilifunguliwa 2017, anakumbuka vizuri kwa sababu ndio mwaka aliopata kiwanja chake Kibada. Nikasema ni 2016. Akasema 2017. Mimi nikatoa simu. Nikatafuta, nikampata, nikamsogezea kioo usoni: Aprili 2016. Na kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kumaliza kabisa, nikamsomea na urefu, mita 680, ambao hakuna mtu aliyeuliza.

Akasema, "Sawa, mwanasheria." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumpisha mtu mlangoni. Tulipopanda pantoni akaweka spika masikioni, na mpaka tunashuka upande wa pili hatukuzungumza.

Nililala nimekasirika, maana nilikuwa sahihi! Ila kadiri nilivyogeuka kitandani nikaona kosa lilipo. Nikishatoa simu, yeye anabakiwa na nini cha kusema? Akubali au anune, basi. Na kile kiwanja cha Kibada alichokuwa amenitajia, ambacho ndicho alichotaka nikiulizie, nilikipita kama sikukisikia. Jibu zuri likanijia saa saba usiku, kama kawaida ya majibu mazuri: "Kumbe 2017! Basi mwaka mzima sisi tuliokuwa tunapita pale tulikuwa tunaogelea?" Hapo angepata pa kuingilia. Angesema aliniona nikiogelea, angesema lolote. Mwaka wa daraja ungebaki palepale ulipo, haukuwa unanihitaji mimi kuutetea.

Ikapita wiki ya habari za asubuhi na kwaheri. Kisha ikaja jioni ya zege.

Tulishuka na njaa, akaniambia nimsindikize kwa kijana mmoja wa chipsi hapo nje ya Feri. Tukaagiza chipsi mayai, kila mtu mayai mawili. Kijana akatoa chipsi kwenye karai, akazitia kwenye kikaango, akamwagia mayai, akageuza kwa sahani, yote kwa mkono mmoja huku mwingine unapokea hela. Sahani ya Mangi ilipotua, moshi bado unapanda, yeye akachota vijiko viwili vya kachumbari kutoka kwenye ndoo na kuvimwaga juu, katikati kabisa. Nikashtuka kweli. Mimi ni mtu wa kachumbari pembeni tangu nizaliwe.

Nikampa sababu zangu. Kachumbari ya jioni imeshatiwa chumvi na ndimu tangu mchana, nyanya zimetoa maji, iko inaogelea kwenye ndoo. Ukiimwaga juu, maji yanashuka, chipsi za chini zinalegea, na umelipia kitu kikavu unakula uji. Naye akanipa zake: yai la moto linavipunguzia vitunguu ukali, ile ndimu inapenya kwenye nyufa za yai, na kila kijiti cha meno kinatoka na kila kitu. Kusema haki, hoja zake hazikuwa mbaya. Nikausikia mkono wangu unaanza kwenda kwenye mkoba kutafuta simu. Nikaukalia. Halafu ningetafuta nini? Nani ameandika sheria ya kachumbari?

Yeye ndiye aliyenipa njia. Akasema, "Mtani, kachumbari ikikaa pembeni ni kama mgeni uliyemwacha barazani. Mkaribishe ndani."

Nikamjibu, "Wa kwako ameingia mpaka chumbani bila hodi, na viatu vyenye maji."

Shangazi, kijana wa chipsi aliweka mwiko chini. Kaka mmoja aliyekuwa anakula amesimama akapaliwa. Mangi mwenyewe alicheka mpaka akainama, akapiga meza, akasema, "Hilo nimelipokea. Ila mgeni wangu hatoki." Akaendelea kula vilevile, kachumbari juu. Nikamwambia sikuja kumtoa mgeni, nimekuja kumwona tu.

Hakuna aliyebadili msimamo pale. Lakini hebu linganisha na daraja. Kwenye daraja nilileta kitu kutoka nje, kizito, nikamwekea miguuni. Kwenye kachumbari nilichukua mgeni wake mwenyewe nikamvalisha viatu vyenye maji. Ndiyo maana alicheka kuliko wote; nusu ya dongo ilikuwa mali yake.

Kesho yake saa mbili usiku ikaingia picha ya sahani, kachumbari juu, na maneno chini: "Ameingia tena. Safari hii kavua viatu." Nikamjibu kwamba nafungua shauri. Akauliza kama naanzia Mahakama ya Mwanzo au Wapare mna njia ya mkato mpaka Rufani. Sasa ni mwezi wa pili. Kila siku mbili tatu shauri linaahirishwa. Kijana wa chipsi ameshaitwa shahidi. Nimewahi kupigwa faini ya soda kwa kuchelewa pantoni, na nikailipa.

Siyo kwamba sijateleza. Siku moja nilinogewa nikamwambia, "Ndiyo maana hujaoa, nani atakubali chipsi zilizolowa?" Akacheka, ila kicheko kifupi, na akatazama maji badala ya kunitazama mimi. Nikaona nimetoka kwenye sahani nimeingia kwa mtu. Nikawahi kurudi: "Ila mbaya ni kachumbari, wewe mwenyewe huna neno." Akanigeukia akasema, "Umeponea mlangoni." Sijarudia tena habari za kuoa, na siyo kwa kuwa hazinihusu.

Sasa ninaomba unisaidie mambo mawili.

La kwanza, sijui ananitania mimi au anautania Upare wangu. Ofisini kwetu yuko mama wa uhasibu, Mpare wa Same, na Mangi akipita hawezi kuacha kumuuliza kuhusu ng'ombe. Anacheka naye vizuri sana. Utani wetu huu tumeukuta, hauna maana ya mapenzi. Watani hutaniana hata msibani. Basi nikifikiria hivyo moyo unapoa. Halafu nakumbuka yule mama anaulizwa swali lilelile kila siku, la ng'ombe, na mimi la ng'ombe sijaulizwa tangu siku ya zege. Mimi naulizwa mgeni ameamkaje. Tofauti hiyo naipima kila usiku kama dhahabu, na sijui kama mizani yangu ni nzima.

La pili ni aibu, tafadhali usinicheke. Jumanne iliyopita yeye alikuwa safarini Moshi. Nikashuka Feri peke yangu, nikaenda kwa muuza chipsi mwingine kabisa, wa upande wa kituo cha daladala, ili shahidi wetu asinione. Nikaagiza zege mayai mawili. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikamwaga kachumbari juu.

Tamu, Shangazi. Ile ndimu kwenye nyufa za yai, ni kweli kabisa. Siri yake nadhani ni kula haraka kabla maji hayajafika chini, na kuibana kachumbari kwa kijiko kwenye ukingo wa ndoo kabla ya kuitoa, jambo ambalo Mangi hulifanya na mimi nilikuwa nalidharau. Tangu siku hiyo nimekula hivyo mara tatu. Ninaendesha kesi ambayo moyoni nimeshaachana nayo.

Nikimwambia, naogopa mchezo utaisha. Atasema "si nilikuambia," tutacheka mara moja, kisha kesho yake tutaanza kuzungumza kuhusu foleni na mvua kama watu wengine. Nisipomwambia, ninakaa mbele yake na kachumbari yangu pembeni, naila kwa uchungu, huku namtamani yeye na sahani yake.

Na kuna tarehe. Ameniandikia juzi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi mahakama inahamia Koko Bichi, kwenye mihogo. Anasema kule muuzaji anaupasua muhogo katikati na kuisukuma pilipili na kachumbari ndani, kwa hiyo anataka kusikia mtu wa pembeni atajitetea vipi. Nikamjibu nitakuja na wakili, nikimaanisha rafiki yangu ninayekaa naye. Akakaa dakika nne, Shangazi, nilizihesabu, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta. Mwisho ikaja: "Mahakama hii haipokei mawakili."

Rafiki yangu anasema barua ya msomaji ya nini baada ya hapo. Lakini yeye si Mpare, hajui kwamba sisi hatuondoki mpaka hukumu isomwe.

Kwa hiyo naomba unijibu kabla ya Jumamosi hiyo. Na kama utasema nikiri, niambie kabisa nikiri kabla mihogo haijaja au nikiwa tayari nina muhogo mkononi.

Wako,
Mtani wa Kigamboni