YAH: KUPINGA FAINI YA KUCHELEWESHA KODI, NYUMBA NA. 4B, JULAI HADI SEPTEMBA 2025

Mpangaji, Nyumba Na. 4B,
Dar es Salaam.
21 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimepokea notisi yenu ya tarehe 14 Julai inayosema kodi ya miezi mitatu, Sh. 1,950,000, ililipwa tarehe 10 Julai badala ya kabla au ifikapo tarehe 5, na kwamba natakiwa kulipa faini ya asilimia 5, yaani Sh. 97,500. Naipinga faini hiyo. Kodi ililipwa Alhamisi, tarehe 3 Julai. Tarehe 10 ni siku benki iliporekebisha kosa lake yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni slipu ya benki, nakala yake nimeiambatanisha. Tafadhali itazameni kwa makini sehemu mbili. Namba ya akaunti yenu iliyoandikwa kwa kalamu inaishia na 4718, ambayo ndiyo iliyo kwenye mkataba. Chini kabisa, kwenye mstari mdogo uliochapwa na mashine ya karani, namba inaishia na 4781. Karani aligeuza tarakimu mbili za mwisho wakati wa kuingiza. Muhuri wa dirishani ni wa tarehe 3 Julai, na kiasi ni kilekile.

Barua ya benki ya tarehe 17 Julai, ambayo pia nimeambatanisha, inaeleza kilichofuata. Namba ile ya makosa ni ya akaunti iliyokwisha kufungwa, hivyo fedha hazikuingia kwa mtu mwingine. Zilikaa kwenye akaunti ya ndani ambayo benki huitumia kushikilia fedha zisizojulikana ziende wapi. Tarehe 5 ilikuwa Jumamosi na tarehe 7 ilikuwa Sabasaba, kwa hiyo ukaguzi wa akaunti hiyo ulisogea mbele, na fedha zikahamishiwa kwenu tarehe 10.

Hapa ndipo hesabu zenu zilipopotea, na naamini mhasibu wenu ataliona mara moja akifungua taarifa ya benki. Taarifa hiyo ina safu mbili za tarehe. Safu ya "Posting Date" huonyesha siku muamala ulipoandikwa kwenye mfumo. Safu ya "Value Date" huonyesha siku ambayo fedha zinahesabiwa kuwa zenu. Kwa muamala wa kawaida wa dirishani tarehe hizo hufanana, ndiyo maana watu wengi husoma safu ya kwanza tu. Benki inaposahihisha kosa lake, huandika muamala mpya siku ya marekebisho lakini huirudisha tarehe ya thamani kwenye siku halisi ya malipo, ili mteja wake asipunjwe. Kwa mujibu wa barua ya benki, muamala huu umeandikwa 10/07/2025 kwenye safu ya kwanza na 03/07/2025 kwenye ya pili.

Msitafute maelezo ya "kodi 4B" kwenye mstari huo, kwa kuwa muamala wa marekebisho hubeba maelezo ya benki na namba mpya ya kumbukumbu. Barua ya benki imetaja namba zote mbili, ya tarehe 3 na ya tarehe 10, ili mziunganishe. Mkipenda kujiridhisha bila kutegemea karatasi zangu, ombeni tawi lenu liwape taarifa ya kuanzia tarehe 1 hadi 15 Julai yenye safu zote mbili. Hilo ni haki yenu kama wenye akaunti. Mimi siwezi kuipata.

Kifungu cha 4 cha mkataba wetu kinasema kodi italipwa "kwa kuwekwa kwenye akaunti ya mwenye nyumba kabla au ifikapo tarehe 5". Hata mkikisoma kwa ukali kabisa, kwamba kinachohesabika ni fedha kuwa zenu na si mpangaji kufika dirishani, jibu bado ni tarehe 3.

Jambo linalonisumbua zaidi ni namna mlivyoingiza faini hiyo. Leja yangu mliyoambatanisha na notisi inaonyesha mmekata Sh. 97,500 kwanza kutoka kwenye malipo, kisha mkaandika kodi imepungua kwa kiasi hichohicho. Ikiachwa hivyo, Oktoba nitaonekana nina deni la kodi, na deni hilo litazaa faini nyingine juu ya faini isiyostahili. Kufuta notisi peke yake hakutoshi. Naomba faini iondolewe kwenye leja, malipo yaandikwe kwa tarehe 3 Julai yakiwa kamili, na nipewe risiti ya Sh. 1,950,000 kwa kodi ya Julai hadi Septemba pamoja na barua inayofuta notisi. Naomba pia amana yangu isikatwe chochote kwa sababu hii.

Naomba majibu kwa maandishi ifikapo tarehe 4 Agosti. Slipu halisi ninayo, na niko tayari kuileta ofisini mhasibu ailinganishe na nakala. Baada ya hapo nitaondoka nayo.

Wako,
Mpangaji, Nyumba Na. 4B

Viambatanisho: nakala ya slipu ya tarehe 3 Julai, barua ya benki ya tarehe 17 Julai, nakala ya ukurasa wa mkataba wenye kifungu cha 4, nakala ya leja yenu.